Nakala 400 kwa nusu bei

Simu ya Mzee ilikuwa mezani, spika imewashwa, na dada wa upande wa pili alikuwa akiongea haraka kama mtu anayesubiriwa kwenye kikao. Shirika lao lina vikundi vya akina mama wafugaji katika wilaya kadhaa. Kitabu wamekiona, wamekipenda, wanataka nakala 400.

"Ila mzee wetu, 15,000 kwa idadi hiyo hapana. Tufanyieni nusu."

Mzee akanitazama. Mimi nikajifanya nasoma kitu.

Kitabu ni mwongozo wa ufugaji wa kuku wa kienyeji, kurasa 128, saizi ya A5. Kakiandika yeye, afisa mifugo mstaafu aliyemaliza utumishi wake kwenye vijiji vya Morogoro akihimiza chanjo ya kideri. Mimi nilimpangia kurasa, nikamsaidia kuzungumza na wachapaji, na tangu hapo nimekuwa mtu wake wa hesabu bila kuajiriwa. Nakala 500 za kwanza alizichapa kwa fedha ya kiinua mgongo. Siku ya simu ile alikuwa ameuza zaidi kidogo ya nusu, na nakala kama 200 zilikuwa bado zimepangwa chini ya kitanda cha chumba cha wageni.

Nusu ya 15,000 ni 7,500. Mara 400 ni milioni tatu, kwa mkupuo mmoja. Akamwambia yule dada kwa adabu kwamba angempigia, akakata simu, akaniuliza: "Mwanangu, nikikubali napata au napoteza?"

Sikuweza kumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani na swali, na kila nilipolikokotoa lilinipa jibu tofauti.

## Gharama ni ipi hasa?

Ukimuuliza mwandishi yeyote aliyejichapishia kitabu chake kwamba kila nakala imemgharimu kiasi gani, mara nyingi atakutajia bei ya mchapaji. Mzee pia alikuwa akisema, "Kitabu changu kimenigharimu 4,200." Namba hiyo ilitoka kwenye nukuu: nakala 500, shilingi 2,100,000.

Lakini kabla ya mchapaji kulikuwa na mhariri, laki sita. Kulikuwa na michoro ya banda na ya namna ya kumshika kuku wakati wa kumdondoshea chanjo jichoni, laki mbili na nusu. Kulikuwa na mpangilio wa kurasa pamoja na jalada, laki tatu na nusu. Jumla 1,200,000, na fedha hiyo ilitoka kabla hata karatasi moja haijaingia mashineni.

Kwa hiyo toleo la kwanza lilikula 3,300,000. Ukigawa kwa 500 unapata 6,600. Na hapo bado unajidanganya, kwa sababu nakala 500 haziuzwi zote. Kuna za kuwasilisha Maktaba ya Taifa, kuna za waliokusaidia, kuna za kupeleka redioni, kuna zilizokatwa vibaya na zile ambazo shangazi amechukua na huwezi kumdai. Tulikadiria 50. Zilizobaki za kuuza ni 450, na 3,300,000 ukizigawa kwa 450 kila nakala inabeba 7,333.

Kutoka 4,200 hadi 7,333. Kitabu ni kilekile.

Hapa ndipo nusu bei ilipoanza kunichanganya. Kwa hesabu ya 7,333, kuuza kwa 7,500 ni kujisumbua bure, maana ukitoa usafiri umeingia hasara. Kwa hesabu ya 4,200, ni faida ya zaidi ya milioni moja. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ilinichukua muda kukubali kwamba zinajibu maswali mawili tofauti.

Ile ya 7,333 inajibu swali la mtu ambaye bado hajachapa: niweke bei gani ili fedha yangu yote irudi? Ile nyingine inajibu swali la mtu ambaye mhariri ameshalipwa na michoro ipo kwenye kompyuta: nikichapa tena nakala 500, kila moja itanigharimu nini? Ukimjibu mteja wa oda kubwa kwa hesabu ya kwanza, utamkataa mtu ambaye ulipaswa kumkubali. Ukipanga bei ya jalada kwa hesabu ya pili, hutafika toleo la pili.

(Jambo dogo la kuangalia kwenye nukuu ya mchapaji: je, VAT imo? Zetu zilikuwa nayo. Ile 2,100,000 ingekuwa haina VAT, asilimia 18 ingeipandisha hadi 2,478,000, na wapo wachapaji wanaokutajia hilo siku ya kuchukua mzigo.)

## Asilimia 40 ya nini?

Mwanzoni Mzee alitaka kuuza 10,000. "Watu hawana hela," alisema, na mimi sina ubishi na hilo. Kisha tukaenda duka la vitabu mjini, na dada mwenye duka akasema anachukua asilimia 40.

Mzee akafanya kama wafanyavyo wengi. Akachukua gharama, akaweka na usafiri wa kama 500 kwa nakala, akapata kama 7,800. Akaiongezea asilimia 40, ikawa karibu 11,000. "Basi tuuze 11,000. Yeye anapata chake, mimi nimerudisha changu."

Dada wa duka akatabasamu. Ameliona hilo mara nyingi.

Asilimia 40 ya duka haitoki kwenye gharama yako. Inatoka kwenye bei ya jalada. Kitabu cha 11,000 duka linabaki na 4,400, mwandishi anapewa 6,600. Amelipia 7,800 ili apokee 6,600. Akiuza nakala nyingi zaidi, anapoteza zaidi.

Hesabu sahihi inaanzia kwenye kile unachotaka kibaki mkononi, halafu unagawa. Duka likichukua 40, wewe unabakiwa na 60 katika kila 100. Kwa hiyo 7,833 unaigawa kwa 0.6, na jibu ni 13,055. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa ambayo kitabu kile kingeweza kukaa kwenye rafu bila kumla mwenyewe, na hapo hakuna hata shilingi ya faida.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba 40 ni wizi.

Nilikuwa na mashaka hayohayo, mpaka dada wa duka alipotueleza bila kukasirika. Pango analipa kila mwezi, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Rafu yake ina vitabu ambavyo havijaguswa tangu mwaka juzi. Kitabu cha shule kinatoka haraka na kwa hicho anakubali faida ndogo; kitabu cha mwandishi asiyejulikana kinamkalia. Asilimia 40 ni bei ya kukaliwa. Sijui kama ningefanya kazi ile kwa chini ya hapo.

## Bei ya kuku mmoja

Sasa tulijua chini ni 13,055. Hatukujua juu ni wapi.

Thamani machoni pa mnunuzi haina uhusiano na tulichomlipa mhariri. Mnunuzi hajui na hajali. Anachofanya ni kukishika kitabu, kukipima mkononi, kukigeuza nyuma na kukilinganisha na kitu. Kazi yetu ilikuwa kujua analinganisha na nini.

Dukani mjini kitabu kililinganishwa na vitabu vingine, na hapo kilikuwa na shida, maana kurasa 128 ni kitabu chembamba. Mchapaji alikuwa amependekeza kukibana kwa pini katikati kama daftari, ili kupunguza gharama. Dada wa duka alitukataza. Kitabu cha pini hakina mgongo, kikisimamishwa kwenye rafu jina halionekani, na mtu akikishika anafikiria kipeperushi cha mradi, kitu cha kupewa bure. Tukagandisha kwa gundi, tukatumia karatasi ya gramu 80 na jalada la karatasi nene lenye lamineshoni. Mgongo ukatoka na unene wa kama milimita sita, jina likasomeka. Akatuambia kwamba kile cha pini asingeweza kukiuza zaidi ya 5,000, hata maneno ya ndani yangekuwa yaleyale.

Lakini kwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo hakukuwa na kitabu kingine cha kukilinganisha nacho. Pale kaunta kililala kati ya chanjo, vitamini na vyombo vya kunyweshea. Mzee alisimama pale siku ya gulio akizungumza na wateja, nami nikiwa pembeni, na hakuna aliyeuliza kurasa ngapi. Waliuliza kama kinaeleza kwa nini vifaranga vinakufa wiki ya tatu.

Mama mmoja aliambiwa 15,000, akashtuka. Mzee akamuuliza jogoo wake anauza shilingi ngapi. Akataja, na ilikuwa zaidi ya 15,000. "Basi kitabu hiki ni chini ya jogoo mmoja, na mwaka jana umezika wangapi?"

Akanunua.

Nimeona watu wakikunja uso kwa 12,000 dukani mjini, na wengine, tena wenye kipato kidogo zaidi, wakitoa 15,000 kwenye kaunta ya dawa za mifugo. Ndiyo maana siamini sana ushauri wa kuzunguka madukani, kuangalia vitabu vinavyofanana na chako vinauzwaje, na kuweka katikati. Kwa riwaya labda. Kwa kitabu kinachookoa fedha ya mtu, bei inapimwa na hasara ambayo mtu huyo tayari anaijua.

Kwa nini hatukuweka 13,500 au 14,000? Chenji. Hatuna noti kubwa kuliko ya 10,000, na 15,000 ni noti mbili safi, ya kumi na ya tano. Kwenye gulio bei inayodai chenji inakuwa mazungumzo, na mazungumzo yanaishia kwenye "niachie kwa 12". Na 14,999 ya matangazo ya simu hatukuifikiria kabisa; kijijini mtu atakuuliza unamdai shilingi moja ya nini.

## Mali kauli

Kwa 15,000, duka la vitabu linamrudishia Mzee 9,000. Toa usafiri, 8,500. Toa ile 7,333, inabaki kama 1,170. Si nyingi, lakini ipo.

Ipo kwenye karatasi. Duka la vitabu linachukua kwa mali kauli: unaacha nakala 20, unasainiwa karatasi, unarudi baada ya miezi mitatu kuhesabu. Zilizouzwa unalipwa, zisizouzwa unarudishiwa, na zile zilizofifishwa jalada na jua la dirishani unarudishiwa pia. Katika hizo 20, mbili zilikuwa hazionekani. Haziko kwenye rafu, haziko kwenye fedha.

Duka la pembejeo ni dunia nyingine. Mwenye duka hakujua mali kauli ya vitabu, alituuliza kama anavyomuuliza wakala wa dawa: "Mnanipa kwa ngapi?" Tukasema 11,250, yaani punguzo la asilimia 25. Akachukua kumi, akalipa kwa simu palepale. Hakudai haki ya kurudisha.

Nilipoziweka pembeni kwa pembeni, asilimia 25 ya yule ilikuwa bora kuliko 40 ya huyu kwa zaidi ya tofauti ya fedha. Fedha ya pembejeo inarudi siku hiyohiyo, na hatari ya nakala kuchakaa imehamia kwake. Tangu hapo naamini kwamba punguzo halitajwi peke yake. Ukiniambia duka linataka 35, nitauliza: kwa taslimu au mali kauli? Zikibaki, ni za nani? Basi la kuzipeleka analipa nani? Boksi la nakala 50 za kitabu hiki lina kama kilo kumi, na nauli ya kifurushi kutoka stendi ya Msamvu, Morogoro, hadi mkoa wa mbali haifanani na ya kwenda Dar.

Halafu ikaja semina. Mzee alialikwa kuzungumza na wafugaji, akabeba nakala, na kwa moyo wake mzuri akawauzia kwa 10,000. Wiki hiyohiyo mmoja wa waliokuwepo aliingia duka la pembejeo, akaona 15,000, akamwambia mwenye duka kwamba ni mwizi.

Mwenye duka hakumpigia Mzee. Alinipigia mimi. Alikuwa na nakala sita kwenye kaunta alizozilipia 11,250 kila moja, na mwandishi mwenyewe anauza mtaa wa pili kwa 10,000, chini ya bei aliyomuuzia yeye. Nilikuwa sina la kumwambia.

Mzee alifikiri bei ya chini kwenye semina haimuumizi yeyote, kwa sababu hakuna duka la kukata chake pale. Ni kweli kwamba kwa 10,000 za mkononi anabaki na zaidi ya 9,000 za duka la vitabu. Ila ile 15,000 ndiyo inayolifanya duka likubali kuweka kitabu. Akiuza mwenyewe chini ya hapo, rafu ile haina sababu ya kuendelea naye. Siku hizi kwenye semina anauza 15,000 na anasaini, na anayechukua viwili anapewa bango la ratiba ya chanjo la ukutani. Bango linamgharimu fedha kidogo, na bei haijaguswa.

## Nani angenunua kwa 15,000?

Narudi kwa zile nakala 400.

Swali lililonisaidia halikuwa la punguzo. Nilijiuliza: shirika lisipowanunulia wale akina mama, wangapi wangenunua wenyewe? Wengi wao hawafiki duka la vitabu kamwe. Wachache wangeweza kukikuta kwenye duka la pembejeo. Labda kumi, labda ishirini, nakisia tu. Kwa hiyo oda haikuwa inanyang'anya mauzo 400 ya bei kamili. Ilikuwa inaongeza wasomaji ambao Mzee asingewapata.

Hofu ya kweli ilikuwa nyingine. Vitabu vinavyogawiwa bure vina tabia ya kurudi sokoni. Mtu anapewa, hahitaji, anamuuzia kijana wa vitabu vya mtumba kwa elfu mbili, kijana anakitandika chini kwa elfu tano nje ya lile duka la pembejeo. Ukiuza 400 kwa nusu bei bila alama yoyote, unaweza kuwa umejitengenezea mshindani mwenye bidhaa yako.

Na hofu ya tatu, ambayo Mzee hakuwa ameiona: nakala 400 hazikuwepo. Zilikuwepo 200. Oda ilimaanisha kuchapa upya.

Hapo hesabu ikageuka. Nikarudi kwenye nukuu mbili za mchapaji. Nakala 500 kwa 2,100,000, nakala 1,000 kwa 2,900,000. Nakala 500 za ziada zimeongeza 800,000 tu, yaani 1,600 kila moja. Hiyo ndiyo karatasi, wino na gundi ya kitabu kimoja. Maana yake kuna kama 1,300,000 ambayo inalipwa mashine iwake tu: pleti, kupanga rangi, karatasi za kujaribia. Uchape 100 au 1,000, hiyo hailegei. (Uchapaji wa kidijitali hauna pleti, na kwa nakala 50 au 100 ni nafuu. Lakini hapo nakala ya hamsini inakugharimu sawa na ya mia tano, hivyo kwa oda ya namna hii haukuwa na msaada.)

Kwa hiyo kuchapa 400 za shirika peke yake kungegharimu 1,940,000, karibu 4,850 kwa nakala. Kuchapa 800, yaani 400 zao na 400 za Mzee kwa pamoja, kungegharimu 2,580,000, kama 3,225 kwa nakala.

Oda kubwa ikija kabla ya mashine kuwaka, inashusha gharama ya kila nakala, hata zile zisizo zake. Ikija baada ya mashine kuzimwa, inakula tu stoo yako, na hapo sababu ya punguzo kubwa ni ndogo mno. Yule dada wa simu alikuwa anaomba nusu bei kwa sababu ya idadi. Idadi ilikuwa na uzito wake, lakini kilichokuwa na thamani zaidi kwetu ni kwamba alikuwa amepiga kabla hatujaenda kiwandani.

## Ngazi, na ngazi mbovu

Tulipoanza kuandika masharti, Mzee alitaka jedwali la punguzo kwa kila mteja ajaye, ili asiombwe nusu kila siku. Rasimu yake: nakala 10 hadi 49, asilimia 15. Kuanzia 50, asilimia 25. Kuanzia 200, asilimia 35.

Inaonekana sawa. Jaribu kuagiza 49. Kila moja 12,750, jumla 624,750. Sasa agiza 50. Kila moja 11,250, jumla 562,500.

Mteja wa nakala 50 analipa pungufu ya mteja wa 49 kwa zaidi ya 62,000. Mhasibu yeyote mwenye akili ataliona hilo, na kuanzia nakala 45 hivi hutamuona mtu akiagiza chini ya 50. Si mwisho wa dunia kama unataka kuwasukuma juu. Lakini kama stoo ina nakala chache, unalipa watu wachukue zaidi. Tulilegeza kwa kuliandika punguzo liwe la nakala zinazozidi: kumi za mwanzo bei kamili, kuanzia ya 11 hadi ya 50 asilimia 20, zinazozidi 50 asilimia 30. Jumla inapanda kila nakala inapoongezeka, hairudi nyuma kamwe.

Na kwa vitabu vilivyo stoo, hakuna mteja wa oda anayefika asilimia 40. Hiyo ni ya duka linalolipa pango. Shule au kampuni ikipata bei ya chini kuliko duka, duka litaanza kununua kupitia shule. Nimesikia likitokea kwa mwandishi mwingine, kwenye kitabu cha maswali na majibu.

## Tulichomjibu

Mzee alimpigia yule dada, na safari hii alikuwa na karatasi mbele yake.

Bei: 8,000. Ni chini ya duka, ndiyo, lakini kwa toleo lao maalumu, lenye nembo ya shirika nyuma na maandishi kwenye jalada la mbele: "Nakala ya mradi. Haiuzwi." Hazirudishwi. Nusu ya fedha inalipwa kabla ya kuchapa, na nusu siku ya kupokea mzigo. Si siku 60 baada ya ankara.

Sharti la malipo ndilo lililokuwa gumu kuliko bei. Mashirika mengi hutoa LPO, yaani hati ya kuagiza, na kulipa baadaye, wakati mchapaji wetu hawashi mashine bila asilimia 60 mkononi. LPO ni karatasi nzuri lakini hainunui pleti. Kilichowafanya wakubali, nadhani, ni kwamba tuliwaonyesha nukuu ya mchapaji na sharti lake. Si kila mwandishi atapenda kufungua kitabu chake cha hesabu kwa mteja, na kwa mteja mwingine nisingeshauri, huyu angeweza kusema, "Kumbe kinakugharimu 3,000!" Hakusema.

Mahesabu yalikwenda hivi. Jalada la pili liliongeza 180,000, hivyo uchapaji wote ukawa 2,760,000. Advansi ya mchapaji, asilimia 60, ni 1,656,000. Malipo ya awali ya shirika ni 1,600,000. Mzee aliongeza 56,000 mfukoni, mashine ikawaka. Salio la 1,104,000 alilazimika kulikopa kwenye SACCOS ya wastaafu kwa siku chache, kwa sababu mchapaji hatoi mzigo bila salio na shirika halitoi salio bila mzigo. Hicho ndicho kipindi ambacho Mzee hakulala vizuri. Kama shirika lingechelewa mwezi mmoja, riba ingeanza kula.

Halikuchelewa. Shirika lililipa jumla ya 3,200,000. Ukitoa uchapaji, zilibaki 440,000, na nakala 400 za kawaida zikarudi chini ya kitanda.

## Nakala za bure

"Mwanangu, hizi 400 sasa ni za bure kabisa," Mzee alisema akizipiga piga mgongoni. Na papo hapo akaja na wazo la kushusha bei iwe 12,000.

Hapo tulibishana. Uchapaji ulilipwa na oda, sawa. Lakini nakala hizo zikiisha, zinazofuata hazitalipwa na mtu. Ukizihesabu kuwa ni za sifuri utazigawa kama za sifuri, na siku ya kurudi kwa mchapaji hutakuwa na kitu. Nikamwomba tuzihesabu kwa 3,225, bei ya kuzirudisha.

Kwa 15,000, nakala iliyouzwa duka la vitabu inamwachia 9,000. Toa 500 ya usafiri na 3,225, inabaki 5,275. Kwa 12,000, duka linamwachia 7,200, na kwa njia ileile inabaki 3,475. Ili apate kilekile, kila mahali alipouza 100 angetakiwa kuuza 152.

Tukamuuliza dada wa duka la vitabu: ukishusha hadi 12,000, utauza nusu zaidi? Akafikiri, akasema labda mbili tatu zaidi kwa mwezi, maana wanaokiacha hawakiachi kwa sababu ya elfu tatu. Wanakiacha kwa sababu hawafugi. Kwenye pembejeo jibu lilikuwa jingine. Mwenye duka alisema bei ya mteja haina shida, ila kwa 3,750 anayopata kwa nakala, kitabu kinamchukulia nafasi ambayo chupa za vitamini zingemlipa haraka zaidi.

Tumeiacha 15,000 ilipo. Hatujaichapa kwenye jalada safari hii. Ni stika, ili karatasi ikipanda bei tusibaki na mamia ya nakala zenye namba ya zamani. Gharama iliyopungua tumeipeleka kaunta: duka la pembejeo sasa linapata asilimia 30, linanunua kwa 10,500, kwa masharti yaleyale ya kulipa palepale na kutorudisha. Yule wa kwanza ameongeza oda kutoka kumi hadi ishirini, na ameuliza kama kitabu cha mbuzi kitakuwa tayari kabla ya mvua.

Mzee amesema ndiyo. Mimi sijaona hata ukurasa mmoja.